Mwalimu, Oktoba Utanionyesha Nini?

Kila mwaka Juni 30 inapokaribia, watumishi wa umma nchini Tanzania hufunga hesabu za utendaji wao wa mwaka wa fedha, na walimu wa shule za serikali wamo. Kwa miaka mingi chombo cha kazi hiyo kilikuwa fomu za OPRAS, zilizoanza kutumika mwaka 2004. Mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwezi Julai, wakayapitia katikati ya mwaka, kisha wakaketi tena mwishoni kupeana alama, 1 ikiwa ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 karatasi hizo zimepisha mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na msimamizi wake huyapitia humo humo.

Alama zikishatoka, hubaki maoni. Mara nyingi ni mstari mmoja tu: aboreshe ufundishaji wa kusoma, aongeze ushirikishaji wa wanafunzi, ajiendeleze katika matumizi ya TEHAMA. Mwalimu huusoma, huukubali, na Julai inapoanza huendelea pale alipoachia. Juni inayofuata mstari ule ule huandikwa tena, pengine na mkono ule ule.

Kinachokosekana kati ya Juni moja na nyingine ni karatasi nyepesi iitwayo mpango binafsi wa maendeleo ya kitaaluma. Tofauti yake na malengo ya PEPMIS inafaa kueleweka mapema. Malengo ya kazi yanasema mwajiri atapata nini: vipindi vitakavyofundishwa, mitihani itakayosahihishwa, taarifa zitakazowasilishwa. Mpango binafsi unasema mtumishi mwenyewe atajifunza kufanya nini asichokiweza leo, kwa muda gani, kwa msaada wa nani na wa nini, na itajulikanaje kwamba amejifunza. Mtu anaweza kutimiza malengo yote ya kazi na asiongeze ujuzi wowote.

Namna mpango huo unavyojengwa huonekana vizuri zaidi kwa kumfuata mwalimu mmoja tangu Julai hadi Oktoba. Mwalimu huyu ni wa mfano na namba zake ni za mfano, lakini taratibu anazopitia na vikwazo anavyokutana navyo ni vya kila siku katika shule za msingi. Anafundisha darasa la pili lenye watoto 84. Hadi mwaka uliotangulia alikuwa akifundisha Maarifa ya Jamii darasa la tano, akahamishiwa darasa la pili mwezi Januari kwa sababu ya uhaba wa walimu. Tathmini ya Juni ilimpa alama nzuri katika mahudhurio, maandalio ya somo na usimamizi wa watoto. Chini yake mwalimu mkuu aliandika: aboreshe ufundishaji wa stadi ya kusoma.

Jaribio lake la kwanza la kuandika mpango lilikuwa na malengo sita. Alitaka kuboresha ufundishaji wa kusoma, kuongeza zana, kuhudhuria mafunzo, kusoma vitabu vya ualimu, kujifunza kompyuta, na kushirikiana na wazazi. Kila lengo lilikuwa na muda uleule: mwaka mzima. Mwalimu mkuu aliusoma, akamrudishia.

“Mwalimu, haya yote ni mema,” alimwambia. “Lakini nikija darasani kwako Oktoba, utanionyesha nini ambacho leo hakipo?”

Swali hilo lilifuta malengo manne papo hapo. Halikuyafuta kwa kuwa hayafai, bali kwa kuwa mwalimu hakuweza kusema yangeonekanaje. Yaliyobaki mawili yalihitaji kazi nyingine kabla hayajaandikwa upya, na kazi hiyo ndiyo ambayo mipango mingi huiruka. Alihitaji kujua kwanza hali ikoje sasa, na kwa nini iko hivyo.

Mstari wa tathmini unataja dalili. Mwalimu mkuu aliandika vile kwa sababu alipokaa nyuma ya darasa alisikia watoto wakiitikia ukurasa mzima kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba, huku baadhi yao macho yao yakiwa dirishani. Yeyote aliyewahi kupita karibu na darasa la pili anaijua sauti hiyo. Kuitikia kunaweza kumaanisha mambo mengi: huenda watoto wanasoma kweli na wanapenda tu kuimba, huenda wamekariri, huenda nusu wanasoma na nusu wanafuata sauti za wenzao. Kila moja ya hali hizo ina dawa yake, na mwalimu asiyejua ni ipi ataandika mpango wa kutibu ugonjwa asioupima.

Kwa hiyo wiki ya pili ya Julai alipima. Watoto 84 ni wengi mno kupimwa mmoja mmoja, basi alichukua daftari la mahudhurio na kuchagua kila jina la saba, akapata watoto 12. Faida ya kuchagua hivyo ni kwamba hakuwachagua wale anaowakumbuka, ambao kwa kawaida ni walio hodari sana na wasumbufu sana. Kila mtoto alikaa naye chini ya mti kwa muda wa dakika tano hivi. Kwanza alimpa kifungu kifupi ambacho hakimo kwenye kitabu cha darasa, akakisoma kwa dakika moja, na mwalimu akahesabu maneno yaliyosomwa kwa usahihi. Kisha akamuuliza maswali machache kuhusu alichokisoma. Mwisho akampa maneno 10 ya kubuni yasiyo na maana yoyote, kama “lemido”, “shupeka” na “mbwato”.

Maneno hayo ya kubuni ndiyo yaliyofichua jambo. Mtoto hawezi kukariri neno ambalo halipo duniani. Akilisoma, amelisoma kwa kuunganisha sauti za herufi na silabi, na hakuna njia nyingine. Njia hii hutumika pia katika upimaji mkubwa wa stadi za awali za kusoma, kama ule wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2013, lakini haihitaji mtaalamu. Karatasi moja, saa ya mkononi na subira vinatosha.

Katika watoto 12, wanne walisoma kifungu kwa kasi ya zaidi ya maneno 40 kwa dakika, watatu walikuwa kati ya 15 na 40, na watano walikuwa chini ya 15, wawili kati yao wakiwa hawakusoma neno hata moja. Hadi hapo picha ilikuwa ya kawaida. Lakini katika maneno ya kubuni, ni watoto wawili tu waliofikisha maneno saba kati ya kumi. Hata wasomaji wawili miongoni mwa wale wanne wa mbele walikwama kwenye maneno matatu. Walikuwa wakiyatambua maneno waliyoyazoea kwa sura, kama mtu anavyoitambua nembo ya duka, na lilipokuja neno geni hawakuwa na pa kushika. Makosa yalijirudia mahali pamoja, yaani kwenye silabi zenye konsonanti zilizoambatana: mbwa, nywe, shwa, ng’o.

Sasa mwalimu alikuwa na sababu mkononi. Watoto hawakuwa wamefundishwa vya kutosha kutenganisha na kuunganisha silabi, na yeye mwenyewe, akitokea darasa la tano, hakuwahi kufundisha hivyo. Hapo ndipo pengo la kitaaluma lilipo. Pengo la watoto na pengo la mwalimu yalikutana kwenye jambo moja dogo linaloweza kufundishika katika muhula mmoja.

Mpango aliouandika mara ya pili ulikuwa na malengo mawili. La kwanza lilimhusu yeye: ifikapo mwisho wa Agosti, kila kipindi cha Kusoma kiwe na dakika 10 za kazi ya silabi ambamo watoto wanasoma mmoja mmoja au wawili wawili, badala ya darasa zima kuitikia. La pili liliwahusu watoto: ifikapo mwisho wa Oktoba, watoto wasiopungua 9 kati ya wale 12 wasome maneno ya kubuni 7 au zaidi kati ya 10. Malengo haya yanategemeana, na mpangilio wake haukuja kwa bahati. Lengo la watoto peke yake ni hatari, kwa kuwa yapo mengi yanayoamua kama mtoto atasoma ambayo hayako mikononi mwa mwalimu. Lengo la mwalimu peke yake nalo ni hatari kwa upande mwingine. Anaweza kubadilisha mbinu zake zote na watoto wakabaki palepale.

Suala la muda lina mtego wake katika shule, na mtego huo haupo katika ofisi nyingi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai na kuisha Juni. Mwaka wa shule huanza Januari na kuisha Desemba. Mwalimu anayeandika mpango wake baada ya tathmini ya Juni anao watoto hawa kwa muhula mmoja tu. Januari watapanda darasa la tatu, na yeye atapokea wengine. Mpango unaosema “hadi Juni mwakani” unapima watoto wa darasa moja mwanzoni na wa darasa jingine mwishoni, na namba zake hazitalingana na chochote. Ndiyo maana mpango wa mwalimu huyu uligawanywa vipande viwili, Julai hadi Oktoba kwa watoto alionao, na Januari hadi Mei kwa watakaokuja. Novemba na Desemba aliziacha, kwa sababu upimaji wa kitaifa wa KKK kwa darasa la pili, usahihishaji na maandalizi ya kufunga shule humeza kila kitu.

Alipotoa likizo fupi ya katikati ya muhula na siku za mitihani ya ndani, alibakiwa na wiki 14 za kufundisha kweli. Hesabu hii ndogo ilimwokoa asijiahidi yasiyowezekana. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kujifunza mbinu na kutengeneza kadi. Wiki ya tatu hadi ya saba zilikuwa za kuitumia mbinu na kutazamwa na mwenzake. Wiki ya nane ilikuwa ya kupima tena kwa kifupi. Wiki tano zilizofuata zilikuwa za kurekebisha, na ya mwisho ya kupima kwa mara ya tatu.

Kwenye safu ya nyenzo walimu wengi huandika “fedha” na kuishia hapo. Mwalimu huyu aliandika majina ya vitu na saa za watu. Alihitaji kadi 60 za silabi, ambazo hukatwa kwenye manila au maboksi ya bidhaa na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito, gharama ambayo mwalimu wa taaluma aliweza kuibeba kutoka kwenye ruzuku ya uendeshaji wa shule. Alihitaji pia kujifunza mbinu yenyewe. Hapo alitumia MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, utaratibu unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania ambao unamwezesha mwalimu kusoma moduli bila kuondoka kituoni, kisha kuzijadili na wenzake katika jumuiya ya kujifunza ya shule. Walimu wengi wanazifungua kwa vishikwambi, vile ambavyo serikali iliwagawia baada ya kutumika kwenye Sensa ya mwaka 2022. Bando alijinunulia, na aliliandika kwenye mpango kama gharama, jambo ambalo ni la haki. Gharama isiyoandikwa huonekana kama haipo.

Nchini Kenya swali la nani alipe lilizua kelele kubwa. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilianzisha tathmini ya TPAD mwaka 2016, na mwaka 2021 ikazindua mafunzo ya lazima ya maendeleo ya kitaaluma ambayo mwalimu alitakiwa kuyalipia shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka. Vyama vya walimu vilipinga, na hoja yao ina uzito: tathmini ikimwambia mtu ana pengo, kisha ikamtuma dukani kununua kiraka kwa mshahara wake, mtu huyo atajifunza kuficha mapengo. Mpango binafsi huandikwa kwa ukweli pale tu ambapo kukiri upungufu hakumgharimu mwenye kukiri.

Nyenzo ghali kuliko zote katika mpango wa mwalimu wetu haikuwa ya kununuliwa. Ilikuwa dakika 30 za mwalimu mwenzake, yaani kipindi kimoja cha darasa la pili, mara mbili kwa mwezi, akae nyuma na kutazama. Katika shule yenye uhaba wa walimu, mtu akikaa nyuma ya darasa moja, darasa jingine linabaki bila mwalimu. Waliafikiana na mwalimu mkuu kwamba mwenzake aje wakati watoto wake wako kwenye michezo. Makubaliano hayo yaliandikwa kwenye mpango yakiwa na siku na saa, kwa sababu msaada wa “tutasaidiana” hufa mapema sana muhula ukishapamba moto.

Mwenzake alikuja na karatasi yenye mchoro wa madawati na kalamu. Hakuandika sifa wala lawama. Kila mtoto aliposoma peke yake au na jirani yake, alitia alama juu ya dawati lake. Siku ya kwanza, mwanzoni mwa Agosti, alama zilikuwa 11, na zote zilikuwa kwenye mistari miwili ya mbele. Mwalimu alipoonyeshwa alishangaa, kwani angeweza kuapa kwamba amezunguka darasa zima. Kwa kweli alikuwa amezunguka kwa miguu, lakini maswali yake yalikuwa yakienda kwa walio mbele yake. Hakuna cheti cha mafunzo ambacho kingemwonyesha jambo hilo.

Wiki iliyofuata aliwapanga watoto wawili wawili, kila jozi na kadi, na kuwabadilishia nafasi za kukaa kila Jumatatu. Mwishoni mwa Agosti mchoro wa mwenzake ulikuwa na alama 52 zilizosambaa hadi ukutani. Lengo la kwanza lilikuwa limefikiwa, na ushahidi wake ulikuwa michoro miwili ya madawati yenye tarehe na saini ya mtazamaji.

Suala la ushahidi linahitaji kukaliwa kidogo, maana ndilo linaloharibika kwa urahisi kuliko yote. Ushahidi unaojulikana zaidi ni wa kuhudhuria: cheti cha semina, orodha ya mahudhurio, picha ya walimu wamesimama mbele ya bango. Vitu hivyo vinathibitisha kwamba mtu alikuwa mahali fulani. Havisemi lolote kuhusu alichokifanya aliporudi darasani. Katika mpango huu cheti cha moduli kilihifadhiwa, lakini kiliwekwa kwenye safu ya nyenzo. Safu ya ushahidi ilikuwa na vitu vya aina tatu: matokeo ya watoto 12 kwa vipindi vitatu, michoro ya mwenzake, na daftari dogo ambamo mwalimu aliandika mistari mitatu kila Ijumaa kueleza alichojaribu na kilichotokea. Watoto walitajwa kwa namba, mtoto wa 1 hadi wa 12, na ufunguo wa majina ulibaki kwa mwalimu peke yake. Mtoto asiyeweza kusoma hastahili jina lake lizunguke kwenye mafaili ya watu wazima.

Ushahidi wa kupikwa mwishoni mwa mwaka hutambulika, na wakaguzi wazoefu huutambua haraka. Wino ni mmoja kwenye kurasa za miezi minne. Picha zote zina watoto wale wale na ubao wenye tarehe moja. Kumbukumbu za kikao cha jumuiya ya kujifunza zinaonyesha kikao kilifanyika Agosti 8, Sikukuu ya Nane Nane, siku ambayo shule imefungwa. Dalili iliyo kubwa kuliko hizo ni kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Daftari la kweli la wiki 14 darasani lina Ijumaa iliyoandikwa kwamba kadi zililowa kwa mvua, na nyingine iliyoandikwa kwamba nusu ya darasa haikuja kwa sababu ya mnada.

Wiki ya nane, katikati ya Septemba, mwalimu aliwapima tena watoto wake 12 kwa maneno mapya ya kubuni. Ilibidi yawe mapya, la sivyo watoto wangekuwa wameyakariri hata hayo. Waliofikisha maneno saba walikuwa watano, kutoka wawili. Ulikuwa mwendo mzuri, ila wale wawili ambao Julai hawakusoma neno lolote walikuwa bado hawajasogea. Angeweza kuongeza kadi, au kuwabakiza saa za jioni. Badala yake alifungua kwanza daftari la mahudhurio. Mmoja alikuwa amehudhuria chini ya nusu ya siku za muhula. Kwa mujibu wa nyumbani kwao, alikuwa akibadilishana zamu ya kuchunga na kaka yake. Mwingine hakukosa hata siku moja, lakini alikuwa akiiweka kadi karibu sana na uso.

Hapo mpango ulibadilishwa, na ni lazima isemwe wazi kwamba mpango unaobadilishwa kwa sababu iliyoandikwa hauhesabiwi kuwa umeshindwa. Kwa mtoto wa kwanza, mwalimu alimwendea mzazi akifuatana na mjumbe wa kamati ya shule, na suala likaondoka kwenye mpango wake wa kujifunza kufundisha na kuingia kwenye orodha ya mambo ya shule, ambako ndiko kwake. Wa pili alihamishiwa dawati la mbele na mzazi akashauriwa ampeleke kituo cha afya akapimwe macho. Hakuna mbinu ya silabi inayotibu macho. Mwalimu aliandika mabadiliko hayo pembeni ya mpango, kwa tarehe, na hakuyagusa malengo yake. Kushusha lengo katikati ya safari kwa kuwa linaonekana gumu kungeharibu kipimo chote.

Mwisho wa Oktoba waliofikisha maneno saba walikuwa 8. Lengo lilikuwa 9.

Kuna kishawishi cha kumpima tena mtoto mmoja aliyepata sita, asubuhi nyingine, akiwa amekunywa uji. Mwalimu aliandika 8. Alipoketi na mwalimu mkuu mwezi Novemba kwa mapitio, mazungumzo yao yalichukua muda mrefu zaidi juu ya namba hiyo kuliko juu ya mafanikio. Mwalimu mkuu aliuliza swali zuri: je, watoto hawa wasingefika hapo hata bila mpango, kwa kuwa wamekua miezi minne na wamesoma miezi minne? Jibu la kweli ni kwamba wangesogea kiasi fulani. Watoto hawasimami. Mwalimu wa mkondo mwingine wa darasa la pili, aliyeendelea na njia ya kawaida, alikubali watoto 12 wa kwake wapimwe kwa maneno yale yale, na waliofikisha saba walikuwa watatu. Kwa watoto wachache namna hiyo huwezi kuapa, na mikondo miwili hailingani kwa kila kitu. Tofauti ya nane na watatu, hata hivyo, ilitosha kwa uamuzi mmoja: jumuiya ya kujifunza ya shule ijadili michoro ya madawati, na mwalimu wa mkondo ule ajaribu mbinu hiyo Januari.

Namba nyingine ilikuwa ikisubiri kwenye karatasi ile ile, na hiyo haikufurahisha. Kasi ya kusoma kifungu ilikuwa imepanda kwa karibu watoto wote, lakini katika maswali ya kuelewa hali ilibaki karibu na ya Julai. Watoto walikuwa wamejifunza kuyafungua maneno bila kushika maana yake. Mwalimu hakuwa ameweka lengo la ufahamu, kwa hiyo hakuna aliyemdai. Yeye ndiye aliyeleta jambo hilo mezani, kwa sababu maswali hayo alikuwa ameyauliza mara zote tatu na majibu alikuwa nayo.

Hivyo kipande cha pili cha mpango, cha Januari hadi Mei, kiliandikwa kwa namna tofauti. Kazi ya silabi sasa ingekuwa sehemu ya kawaida ya kipindi na haikuhitaji tena kuwa lengo la kujifunza. Lengo jipya la mwalimu lilikuwa kujifunza kuuliza maswali ya ufahamu ambayo jibu lake haliko wazi kwenye sentensi moja. Nyenzo zilikuwa moduli nyingine ya MEWAKA na vitabu sita vya hadithi vilivyokuwa kabatini kwa mwalimu wa taaluma. Mtazamaji angekuja na mchoro ule ule wa madawati, safari hii akitia alama mbili tofauti, moja kwa mtoto aliyesoma, nyingine kwa mtoto aliyeeleza kwa maneno yake mwenyewe alichokisoma. Upimaji wa kwanza uliwekwa wiki ya tatu ya Januari, kabla watoto wapya hawajazoea sauti ya mwalimu wao. Chini kabisa, kwenye safu ya msaada unaohitajika, aliandika jambo moja lililoko nje ya uwezo wake na ndani ya uwezo wa mwalimu mkuu: asihamishwe darasa kabla ya Juni.